Mkanganyiko wa utambulisho: picha ya huyu katika faili la yule

Mkanganyiko wa utambulisho ni hali ambapo taarifa za mtu mmoja huingia katika rekodi ya mwingine, hata rekodi hiyo ikawa haimwelezi yeyote kati yao kwa ukamilifu. Aina moja inayostahili kueleweka vizuri ni ile ya picha zilizobadilishana baina ya watu wenye majina yanayokaribiana.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba vijana wawili, Mary Wanjiru Kamau na Mary Wanjiku Kamau, wamefika siku moja katika ofisi ya usajili jijini Nairobi kuomba kitambulisho cha taifa. Hawana undugu wowote. Wanjiru na Wanjiku ni majina ya kale ya Wakikuyu ambayo maelfu ya wanawake wanayo, na Kamau vilevile. Karani anafungua faili la Wanjiru, anaita "Mary Kamau", na anayeinuka ni Wanjiku. Picha inapigwa na kuhifadhiwa. Dakika chache baadaye faili la Wanjiku linafunguliwa, na anayekaa mbele ya kamera ni Wanjiru. Hakuna aliyedanganya, na mfumo haukuona kasoro, kwa sababu kila faili lina jina moja, namba moja na uso mmoja.

Kinachofuata kinategemea jinsi alama za vidole zilivyochukuliwa. Ikiwa zilichukuliwa mapema kwa wino kwenye fomu ya mwombaji mwenyewe, basi ni picha tu iliyokosea njia, na kosa linathibitishika kwa urahisi: Wanjiru akiweka kidole, alama zake zinaafikiana na faili lake ilhali sura iliyomo si yake. Lakini ikiwa vidole na picha vilichukuliwa kwa mashine katika kikao kimoja, vyote viwili vimevuka pamoja. Hapo Wanjiku akiweka kidole, mashine itasema bila kusita kwamba yeye ni Wanjiru. Wengi hudhani kidole hakikosei, na kwa hiyo humshuku mtu badala ya rekodi. Ukweli ni kwamba kidole huthibitisha jambo moja pekee, kwamba mwili uliopo leo ndio uliokuwepo siku ya usajili. Kuhusu jina lililokuwa limefunguliwa kwenye kompyuta siku hiyo, hakina ushahidi wowote.

Kwa sababu hiyo, katika hali hii ya pili ushahidi lazima utoke nje ya faili. Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, nakala za vitambulisho vya wazazi hao, na rekodi ya shule yenye picha iliyopigwa kabla ya usajili huonyesha uso upi ulikuwa wa jina lipi. Saa za kupigwa picha nazo husaidia sana, kwa kuwa mafaili mawili yanayofanana majina na yaliyojazwa kwa kufuatana ndiyo ya kwanza kutazamwa. Tarehe ya kuzaliwa si mtenganishaji wa kutegemewa kila mara, maana mtu ambaye mwaka wake pekee ndio unaojulikana huweza kuandikiwa 1 Januari, sawa na wengine wengi.

Marekebisho yenyewe yana hatari yake. Wanjiku akifika peke yake kulalamika, karani anaweza kumpiga picha upya na kuiweka katika faili lake, akaacha ile ya zamani katika faili la Wanjiru. Sasa uso mmoja uko katika rekodi mbili. Msako unaolinganisha sura moja na sura zote utazikuta, na Wanjiku ataonekana kama mtu aliyejisajili mara mbili kwa majina mawili, tuhuma nzito kwa mtu aliyekuja kuomba haki yake. Mafaili yote mawili yanapaswa kufunguliwa pamoja na, inapowezekana, wahusika wote wawili waitwe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kudai taarifa zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe. Hata hivyo, masjala kuu ikisharekebishwa, nakala zilizokwisha kuchukuliwa na benki, kampuni ya simu au mwajiri hubaki na sura ya zamani. Kitambulisho kipya hutoka na namba ileile ya utambulisho lakini namba tofauti ya mfululizo ya kadi, hivyo anayeshika nakala yenye namba ya mfululizo ya awali anajua kwamba ameshika ile yenye kosa. Mwenye kadi alazimika kuipeleka mpya kila mahali alipowahi kutumia ile ya kwanza, akiomba kwa maandishi picha ya zamani iondolewe, si kuongezewa nyingine juu yake.