Mboga za Majani kwa Anayetumia Wafarini

Wagonjwa wengi wanaotoka kliniki na wafarini, dawa ya kuchelewesha damu kuganda, hubeba pia agizo moja: "Acha mboga za majani." Wanarudi nyumbani wanaacha mchicha, matembele na kisamvu, na miezi miwili baadaye kipimo chao cha damu kinapanda na kushuka zaidi kuliko mwanzo. Agizo lenyewe ndilo lenye kasoro. Mboga zisiachwe, ziliwe kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki.

Ini hutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini zinazogandisha damu. Wafarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo isitumike tena na tena, hivyo damu huchelewa kuganda. Majani ya kijani kibichi yamejaa vitamini K: mchicha, sukuma wiki, spinachi, matembele, kisamvu, majani ya maboga na ya kunde. Kabichi ina kiasi kidogo kuliko hizo. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Daktari anapokupimia dozi, anaipima juu ya sahani unayokula kwa kawaida, hata kama hakuiona. Ukibadilisha sahani, dozi ileile inakuwa kubwa au ndogo.

Tuchukue mfano wa mama aliyewekewa valvu ya chuma ya moyo, mkazi wa mjini. Kipimo chake cha damu, kinachoandikwa INR kwenye karatasi ya maabara na kupanda kadiri damu inavyochelewa kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2.5 na 3.5. Anameza miligramu 5 kila jioni, anakula mboga mara tatu kwa wiki, na anapata 2.9. Masika inaingia, anakwenda kijijini wiki tatu. Huko mchicha uko nyuma ya nyumba na kisamvu kinatwangwa karibu kila siku, kwa hiyo anakula majani mchana na usiku. Anaporudi anapimwa: 1.7. Hapo damu inaweza kuganda kwenye valvu.

Sasa ndipo kosa la pili linapoingia. Hakuna anayemuuliza alikula nini, na yeye haoni sababu ya kusema, maana dawa hakukosa hata siku moja. Dozi inapandishwa hadi miligramu 7. Lakini ameshaanza tena chakula chake cha mjini, wali na samaki, mboga kwa nadra. Wiki mbili baadaye fizi zinatoka damu anapopiga mswaki, na kipimo kinasoma 5.4. Wafarini huchukua siku kadhaa kuonyesha mabadiliko, ndiyo maana mtu halihusishi tatizo la leo na sahani ya wiki iliyopita.

Angefanyaje? Kwanza, apime mboga baada ya kupikwa. Fungu la mchicha hujaa sufuria likiwa bichi, likiiva linabaki kiganja kimoja, kwa hiyo kuhesabu mafungu kunadanganya. Achukue kikombe kimoja cha nyumbani, akitumie hichohicho, na ajiwekee nusu kikombe kila siku, au siku nne zilizopangwa. Binafsi napendelea kidogo cha kila siku kuliko sahani kubwa ya Jumapili, kwa sababu anayekula vitamini K kidogo mno huyumba kirahisi: mlo mmoja mzito wa majani unamshusha. Siku akipitiliza, asiongeze wala kuruka kidonge. Arudi tu kwenye kikombe chake.

Pili, mabadiliko yanayojulikana mapema yatajwe kliniki kabla hayajaanza: safari ndefu, mfungo wa Ramadhani au Kwaresima, na pia mboga zinapopanda bei kiangazi na kuacha kununuliwa. Kipimo kisogezwe karibu. Homa au kuhara kunakomfanya mtu asile siku mbili tatu nako kunapandisha INR, tena haraka. Unga wa majani ya mlonge, unaouzwa kama tiba, ni mboga iliyokaushwa na kusindiliwa. Kijiko cha kila asubuhi kinaweza kuvuruga dozi.

Haya yote yanamhusu anayetumia wafarini. Dawa mpya kama rivaroksabani na apiksabani hazitegemei vitamini K, na anayezitumia ale mboga bila kuzipima. Mwenye valvu ya chuma, hata hivyo, hawekwi kwenye dawa hizo, hivyo asibadilishane vidonge na jirani.

Choo cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, damu ya pua isiyokoma au kichwa kuuma ghafla na vikali: nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiishiwa pumzi, ukilegea upande mmoja, au ukigundua mlio wa valvu uliouzoea kifuani umefifia. Ukifika, mwambie daktari unatumia wafarini, na umwambie wiki hizi mbili umekula nini.