Ofa ya milioni 36 kwa mwaka: mkononi inabaki ngapi?

Ofa nyingi za kazi siku hizi hutaja "pakeji" badala ya mshahara. Tuchukue moja ya shilingi milioni 36 kwa mwaka, kazi iko Dar es Salaam. Anayeisoma hugawanya kwa 12, anapata milioni 3, na kichwani ameshalipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Sisi tunaoandaa mishahara tunaisoma vinginevyo: hiyo milioni 3 ni gharama yote ambayo mwajiri anakadiria kuingia kwa ajili yako kila mwezi, na sehemu yake haipiti kabisa kwenye akaunti yako.

Tuifungue. Mshahara wa msingi ni 1,700,000, posho ya nyumba 300,000, posho ya usafiri 200,000. Jumla 2,200,000, na huu ndio mshahara ghafi. Kinachofuata ni mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10 ya ghafi, yaani 220,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachukua asilimia 0.5, sawa na 11,000. Bima ya afya ya familia ni 119,000. Zinabaki 450,000, na hizo ni bonasi ya mwaka, 5,400,000, iliyogawanywa kwa miezi 12 ili namba inenepe.

Sasa makato yako. NSSF yako ni asilimia 10 nyingine, 220,000, na hukatwa kabla ya kodi, hivyo kinachotozwa PAYE ni 1,980,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara ninavyotumia hapa, milioni 1 ya kwanza inalipiwa 128,000, na kila shilingi inayozidi hapo inakatwa asilimia 30. Ziada yako ni 980,000, kodi yake 294,000. PAYE yote ni 422,000. Mkononi: 1,558,000, zaidi kidogo tu ya nusu ya ile milioni 3. Posho za nyumba na usafiri hazikukuokoa, kwa sababu posho ya fedha taslimu hutozwa kodi kama mshahara.

Kwa viwango hivyo kuna njia ya mkato, ilimradi mshahara ghafi uzidi kama 1,112,000 na makato yawe NSSF na PAYE tu:

```
mkononi = ghafi x 0.63 + 172,000
```

Ukitaka kurudi nyuma, toa 172,000 kwenye kiasi unachotaka mkononi, kisha gawanya kwa 0.63. Anayetaka 1,800,000 aombe ghafi ya takriban 2,584,000. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye majadiliano, si ya pakeji.

Tuseme mwajiri wa pili amekuandikia kwa ufupi: "mshahara ghafi 2,500,000", wote ukiwa wa msingi. Inaonekana amepunguza nusu milioni, lakini mkononi anakupa 1,747,000, zaidi ya yule wa kwanza kwa 189,000 kila mwezi. Bima ya 119,000 inapunguza pengo hilo, kama kweli ungeinunua mwenyewe kwa bei hiyo. Bonasi nisingeihesabu mpaka nione sharti lake kwenye mkataba. Likiandikwa "kwa hiari ya menejimenti", thamani yake kwenye hesabu yangu ni sifuri. Hata ikilipwa, PAYE itachukua asilimia 30, maana umeshavuka milioni 1.

Mwenye mkopo wa HESLB ana hesabu nyingine. Mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, si ya ghafi. Kwa mwajiri wa kwanza ni 255,000, anabaki na 1,303,000. Kwa wa pili ni 375,000, anabaki na 1,372,000. Tofauti imeshuka hadi 69,000. Usifikiri basi kwamba msingi mdogo ni neema: unachelewa kumaliza deni, na kiinua mgongo cha kisheria, siku 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, kinakokotolewa kwa mshahara huohuo wa msingi. Malipo ya saa za ziada ni vivyo hivyo.

Mchango wa mwajiri NSSF ni wako, lakini umefungiwa. Hauwezi kulipa kodi ya nyumba mwezi huu. WCF ni kinga ukiumia kazini. Tozo ya ufundi stadi, SDL, ni mzigo wa mwajiri mtupu, na ukiikuta ndani ya pakeji itoe kwanza kabla ya kulinganisha chochote.

Kabla ya kusaini, waandikie watu wa rasilimali watu swali moja: "Mshahara ghafi wa mwezi ni kiasi gani, na wa msingi ndani yake ni upi?" Wakijibu tena kwa namba ya mwaka, omba mfano wa slipu ya mshahara wa nafasi hiyo, jina likiwa limefutwa.