Kinyama kikitoka, kinarudi chenyewe?

Mama mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni alikuja kliniki yetu hapa Moshi akiwa na hakika ana bawasiri ya nje. "Daktari, kinatoka kabisa, nakishika kwa mkono." Nilimwelewa, maana wengi hudhani hivyo. Lakini bawasiri kuwa ya ndani au ya nje hutegemea ilikoanzia, siyo mahali ilipo siku unapoiona.

Sentimita kama mbili ndani ya njia ya haja kubwa kuna mstari wenye meno-meno mfano wa msumeno. Juu ya mstari huo hakuna neva za kuhisi maumivu ya kukatwa au kuchomwa, ndiyo maana bawasiri ya ndani huvuja damu nyekundu mbichi, ikadondoka chooni, na mgonjwa asisikie kitu. Chini ya mstari ni ngozi, na ngozi inauma. Bawasiri ya nje hukaa hapo. Damu ikiganda ndani yake, unapata uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau unaouma ghafla, hata kukaa inakuwa shida. Maumivu huwa makali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua.

Madaraja manne tunayotumia kueleza bawasiri inatoka kiasi gani ni ya bawasiri ya ndani tu. Ya yule mama ilianzia ndani, kwa hiyo nilimuuliza: ukishamaliza haja, kinarudi chenyewe? Akasema zamani kilikuwa kinarudi akisimama tu. Tangu mwaka jana lazima akisukume kwa kidole. Jibu hilo lilinipa daraja. Kisichotoka nje kabisa, kinachovuja damu tu, ni daraja la kwanza, na hicho hukioni bila daktari kuingiza kibomba kifupi cha kuchungulia. Kinachotoka ukijikamua na kurudi chenyewe ni la pili. Cha kurudishwa kwa mkono ni la tatu, alikokuwa amefika yeye. Kisichorudi hata ukikisukuma ni la nne. Hiki cha nne kikinyongwa mzunguko wake wa damu, kinavimba na kuuma sana, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Daraja halipimi damu inayopotea. Nimeona watu wa daraja la kwanza waliopauka kwa upungufu wa damu kwa sababu hakuna kinyama cha kuwashtua.

Yule mama tulimfunga kwa mpira mdogo kwenye shina la bawasiri, juu ya ule mstari. Kinyama hukosa damu, kikakauka na kudondoka baada ya wiki moja hivi. Mpira ukiwekwa chini ya mstari, mgonjwa atapiga kelele mezani. Daraja la nne kwa kawaida huhitaji upasuaji.

Na kwa kuwa alikuwa na miaka 54 na damu ilishamtoka kwa miezi mingi, hatukuishia kwenye bawasiri. Tulimpangia pia kipimo cha kamera cha utumbo mpana, kwa sababu saratani ya huko nayo huvuja damu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili.