Kebo Iliyofunikwa Juu ya Dari na Breka Isiyojikata

Kebo yenye mkondo huzalisha joto muda wote, na hubaki salama kwa sababu joto hilo lina njia ya kutokea. Tunapotandaza pamba ya kioo juu ya dari ili vyumba visipate joto la mabati, kebo zilizolala pale chini huzibiwa njia hiyo, ilhali shaba iliyo ndani ya plastiki ya kawaida ya PVC haitakiwi kuzidi nyuzijoto 70.

Chukua ofisi ya Dar es Salaam ambamo kebo bapa ya milimita za mraba 2.5 hulisha viyoyozi viwili, kila kimoja kikivuta ampea 8. Katika majedwali ya kanuni za Uingereza, BS 7671, kebo hiyo ikipigwa klipu mahali pa wazi hubeba ampea 27. Ikilala juu ya dari ya jipsamu na kufunikwa kwa pamba inayozidi milimita 100, inaruhusiwa ampea 17 tu. Lakini majedwali hayo huchukulia hewa ya nyuzi 30. Ikiwa chini ya mabati mchana hewa inafika nyuzi 50, tunazidisha kwa 0.71, na zinabaki ampea 12.

Viyoyozi vinavuta 16, tena saa zile zile ambazo paa limewaka. Kwa kuwa joto la kebo hukua kwa mraba wa mkondo, shaba itafika takriban nyuzi 86. Breka ya ampea 20 haitajikata, maana kwake mkondo huo ni wa kawaida. Ndiyo sababu sikubaliani na fundi anayesema kwamba breka ikitulia, waya ni mzima.

Kinachofuata huchukua miaka. Plastiki hukauka, hugeuka rangi, na mwishowe hupasuka ukiikunja. Dalili hizo zitafute chini ya pamba yenyewe, kwa sababu kipande kinachoonekana kwenye swichi huenda kikawa bado laini. Zima umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa kipimo kabla ya kugusa chochote.

Tiba ninayoipendelea ni kuinua kebo na kuipiga klipu kwenye mbao, juu ya pamba. Hapo, kwa hewa ile ile ya nyuzi 50, uwezo wake unarudi ampea 19, na breka ibadilishwe iwe ya 16. Bora zaidi, kila kiyoyozi kipewe laini yake. Kama haiwezekani kuiinua, inahitajika kebo ya milimita za mraba 6, ambayo ikifunikwa hivyo hubeba pia ampea 19. Ile ya 4 haitoshi.

Ikiwa kizuia joto ni polistireni badala ya pamba, kebo ya PVC isiiguse hata kama mkondo ni mdogo, kwa sababu vilainishi vya plastiki huhamia kwenye polistireni na kuiacha kebo ikiwa ngumu.