Jinja kwa Mtoto Mchanga, Hekalu kwa Marehemu

*Je, kwa nini Mjapani yule yule huenda jinja, yaani nyumba ya ibada ya Kishinto, kuomba kwa miungu wake, kisha akifa huzikwa na watawa wa Kibudha, wala haoni kwamba amechanganya dini?*

Sababu kubwa ni kifo, na namna Ushinto unavyokiona. Miungu wa dini hiyo ya asili ya Japani, waitwao kami, hutaka mahali penye twahara, na jambo linalomzuia mtu asiwakaribie si dhambi peke yake bali pia kegare, yaani unajisi unaompata aliyekutana na maiti au damu, hata kama hana kosa lolote. Mke aliyemuuguza mumewe hadi pumzi ya mwisho hakutenda ila wema, lakini kwa desturi hatarajiwi kupita chini ya torii, lango la jinja, mpaka muda wa msiba uishe, ambao kwa kawaida ni siku 50.

Asili ya mawazo hayo inasimuliwa katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712. Mungu Izanagi alimfuata marehemu mkewe katika nchi ya wafu, akamkuta ameoza, akakimbia na kwenda kuoga mtoni ili ajitakase. Alipoosha jicho lake la kushoto akazaliwa Amaterasu, mungu wa jua.

Kila anayeingia jinja leo huurudia utakaso huo kwa ufupi. Karibu na lango pana birika la mawe lenye kata za mpini mrefu. Mtu huchota mara moja tu, na maji hayo lazima yamtoshe hadi mwisho: hushika kata kwa mkono wa kulia na kuosha wa kushoto, huibadilisha na kuosha wa kulia, kisha huirudisha mkono wa kulia na kumimina maji kidogo katika kiganja cha kushoto ili asukutue. Baada ya hapo huosha tena mkono wa kushoto, na mwishoni huiinua kata wima ili maji yaliyobaki yatiririke juu ya mpini na kuusafisha kwa ajili ya atakayefuata. Mgeni hutambulikana upesi kwa makosa mawili, kugusisha kata midomoni au kutema maji ndani ya birika, na yote mawili huharibu maji ambayo wengine wanayategemea.

Maji hayo, hata hivyo, hayamwezeshi mtu kuleta jeneza mbele ya kami, na hapo ndipo Ubudha ulipopata nafasi yake. Ulipofika kutoka Korea katika karne ya 6 ulikuja na watawa wasioogopa maiti, pamoja na mafundisho marefu kuhusu safari ya marehemu baada ya kufa. Haukuhitaji kuwafukuza kami. Kwa karne nyingi ilifundishwa kwamba kami ni sura za Mabudha zilizojidhihirisha Japani.

Kisiwa cha Miyajima, karibu na Hiroshima, kinaonyesha mpaka huo waziwazi kuliko mahali pengine ninapopafahamu. Kisiwa kizima kilihesabiwa kuwa kitakatifu kwa sababu ya jinja ya Itsukushima, ambayo torii yake imesimama baharini, kwa hiyo wajawazito waliokaribia kujifungua walivushwa kwenda bara, na wafu nao wakavushwa wakazikwe huko. Hata hivyo, hatua chache tu kutoka jinja hiyo pana mnara wa Kibudha wa ghorofa tano, uliojengwa mwaka 1407, na kando yake ukumbi mkubwa ambao mtawala Toyotomi Hideyoshi aliagiza ujengwe mwaka 1587 ili maandiko ya Kibudha yasomwe kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Sala za wafu zilikubalika kisiwani, maiti haikukubalika.

Serikali nayo ilichangia sana. Katika zama za Edo, yaani kati ya mwaka 1603 na 1868, ili kuuzima Ukristo, kila kaya ilitakiwa kusajiliwa na hekalu la Kibudha, na hekalu hilo ndilo lililosimamia mazishi na makaburi yake. Mwaka 1868 serikali mpya iliamuru dini hizo mbili zitenganishwe. Ukumbi wa Hideyoshi ukaondolewa sanamu za Kibudha na kugeuzwa jinja. Majengo yaligawanywa, lakini makaburi ya mababu yalibaki mahekaluni, na familia zikabaki nayo. Mazishi ya Kishinto yapo, ila ni machache, na hata hayo kwa kawaida hayafanyiwi ndani ya jinja.

Ndiyo maana mtoto wa takriban mwezi mmoja hupelekwa jinja kutambulishwa kwa kami wa mtaa, na babu yake akifariki huitwa mtawa. Katika nyumba zinazofuata desturi, rafu ya kami hufunikwa karatasi nyeupe siku hiyo hiyo, ili unajisi wa kifo usiwafikie, huku mtawa akisoma maandiko mbele ya maiti katika nyumba hiyo hiyo. Baadhi ya waombolezaji wakirudi kutoka mazishini hujinyunyizia chumvi kabla ya kuvuka kizingiti, ingawa madhehebu ya Kibudha ya Jodo Shinshu huwakataza waumini wake, kwa kuwa kwao marehemu si najisi. Karatasi ile huondolewa msiba unapokwisha.