Kadi ya osmosisi iliyofupishwa mpaka ikapotosha

Kila mitihani ikikaribia, kadi ileile inazunguka madarasani hapa Mbeya: "Osmosisi ni maji kutoka mkolezo mdogo kwenda mkubwa mpaka ilingane." Wiki hii nimeikuta tena, imeandikwa kwa kalamu tatu za rangi.

Mkolezo wa nini? Hilo linatibika haraka: taja chumvi au sukari, taja utando, yaishe. Kinachonikera ni "mpaka ilingane".

Nunua kiazi mviringo pale Mwanjelwa, kata vipande viwili vya sentimita 5, unene sawa. Kimoja kiweke kwenye maji matupu, kingine kwenye glasi ya maji yaliyokorogwa na kijiko cha chakula cha chumvi. Baada ya saa moja hivi, cha chumvi kimelegea, unakikunja kama kamba. Cha maji matupu kimekakamaa. Ukikipinda kinakatika kach! Kabla ya kukikatakata, kipime: kimerefuka kidogo. Endelea kukipima na utaona kinafika mahali hakirefuki tena.

Sasa niambie, nini kimelingana? Ndani ya seli bado mna sukari na madini, nje ni maji. Hapo mikolezo hailingani hata ukingoje kiazi kioze. Kilichosimamisha mambo ni ukuta wa seli: seli imejaa, inausukuma ukuta, nao unarudisha msukumo uleule. Maji yenyewe hayajatulia, yanaingia na kutoka kwa kasi moja. Ndiyo maana nang'ang'ania maneno "kwa jumla", ambayo wanafunzi huyafuta kwanza ili kadi ienee.

Kwa hiyo maelezo yangu ya kipindi kizima nimeyabana kwenye kadi mbili hivi:

Osmosisi: maji kupita kwenye utando unaozuia vilivyoyeyuka, kwa jumla yakielekea vilikokolea zaidi.

Seli ya mmea kwenye maji matupu: hujaa mpaka msukumo wa ukuta uzuie ongezeko. Mikolezo hailingani.

Sijaandika "kwa sababu maji ni machache upande ule". Ubaoni huwa naisema, lakini hainiridhishi. Kinachoamua hasa ni idadi ya chembe zilizoyeyuka: chumvi ya mezani hugawanyika chembe mbili, hivyo huvuta karibu maradufu ya sukari yenye idadi ileile ya molekuli. Hata hilo "huvuta" ni lugha ya kurahisisha tu. Kwenye kadi, bora sababu ikosekane kuliko iwe ya kubabaisha.

Kadi ya tatu ni ya chembe nyekundu ya damu, ambayo haina ukuta. Kwenye maji matupu hupasuka. Kwenye dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 haivimbi wala hainywei, kwa kuwa nguvu ya vilivyoyeyuka ndani na nje inakaribiana. Hapo "ilingane" niandikieni, hata kwa kalamu tatu.