Wasifu wa mkalimani: anza na mishale

Mbali na kukaa kibandani kama mkalimani wa mikutano, hapa Arusha mimi hupewa pia kazi ya kupanga timu. Mwandaaji wa mkutano anataka Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, nami natafuta watu. Wasifu mwingi unaonifikia unafanana na huu, ambao mwenyewe ameniruhusu kuutumia bila kumtaja:

"Mfasiri na mkalimani mahiri wa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, mwenye uzoefu mkubwa katika sheria, tiba, kilimo, fedha, haki za binadamu na mazingira. Hufanya aina zote za ukalimani."

Namfahamu, ni mchapakazi hodari. Tatizo ni kwamba kwa maneno hayo siwezi kumpangia kiti. Lugha 3 zinazaa mielekeo 6: kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili ni mmoja, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ni mwingine, na kadhalika. Naye amejiita mfasiri na pia mkalimani, maandishi na mdomo, kwa hiyo ahadi zimefika 12. Sijawahi kukutana na mtu anayezitimiza zote 12 kwa kiwango kimoja, na yeye mwenyewe hakukusudia kuahidi hivyo. Aliandika lugha anazozijua, wakati mimi nilitaka kujua anatoka wapi kwenda wapi.

Ndiyo maana nashauri mstari wa kwanza wa wasifu uwe wa mishale: EN>SW, FR>SW, SW>EN. Lugha chanzi inakaa kushoto, lugha lengwa kulia. Ukiandika "Kiingereza–Kiswahili" kwa kistari, msomaji atadhani unakwenda na kurudi.

Kwa upande wa mikutano kuna mpango wa herufi unaotumiwa na AIIC, chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano kilichoanzishwa mwaka 1953. Lugha A ni ile unayoimudu kama mwenyewe, na ndiyo unayoingia nayo kazini kutoka lugha zako nyingine zote. Lugha B si ya kwako kwa kiwango hicho, ila unaimudu vya kutosha kukalimani kwenda kwayo, angalau kutoka lugha yako A. Lugha C unaielewa kikamilifu na unakalimani kutoka kwayo tu, bila kuingia. Watu wa kwetu hukwama kwenye A, kwa sababu nyumbani walianza na Kichaga, Kikuyu au Kihaya. Hapa haiulizwi mama alikubembeleza kwa lugha gani. Inaulizwa lugha ipi unaweza kuisema kwenye kipaza sauti mbele ya waziri au mkulima bila kutafuta maneno. Mtu wa Moshi aliyesoma, kufanya kazi na kuishi kwa Kiswahili anaweza kuandika Kiswahili A bila kumdanganya mtu.

Nilipomhoji mwenzetu kwa simu, picha ilijitokeza haraka. Kiswahili chake ni A, Kiingereza B, Kifaransa C. Kifaransa alikisoma chuoni, anakisikiliza kila siku na hapotezi kitu, lakini hajawahi kukalimani kwenda Kifaransa na hataki. Mielekeo 6 ya mdomo ikabaki 3. Kwenye maandishi akabaki na EN>SW na FR>SW. SW>EN huwa anaifanya, ila kwa sharti kwamba mhariri mwenye Kiingereza A aipitie, nami nikamwambia sharti hilo liandikwe.

Kwa nini nashikilia jambo hili hivi? Chukua mkutano wenye lugha hizo 3. Mjumbe kutoka Bukavu akisema Kifaransa, kibanda cha Kiswahili kinamchukua moja kwa moja kwa sababu kina mtu mwenye Kifaransa C. Mjumbe kutoka Dodoma akisema Kiswahili, mambo yanageuka. Mara nyingi kibanda cha Kifaransa hakina anayeelewa Kiswahili, kwa hiyo wanasubiri Kiingereza kitoke kwanza, kisha wanakigeuza kuwa Kifaransa. Tunaita kukalimani kwa kupokezana. Yule anayefanya SW>EN wakati huo amebeba masikio ya kibanda kingine kizima. Akikatakata sentensi au akiacha tarakimu, kosa linasafiri hadi Kifaransa na hakuna wa kulirekebisha, kwa kuwa hakuna aliyesikia asili. Utaligundua mapema ukitazama ukumbini: wajumbe wanaosikiliza Kifaransa wanaanza kugeuza chaneli, na wakalimani wa Kifaransa wanatazama kwenye kioo cha kibanda cha jirani. Wakongwe wa Arusha wanaujua uzito huu tangu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambako shahidi alitoa ushahidi kwa Kinyarwanda huku mahakama ikifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa.

Uhitaji wa mwelekeo huo wa kutoka Kiswahili umeongezeka. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne Agosti 2019, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022. Wajumbe wetu sasa wanasema Kiswahili kwenye kipaza sauti, na lazima mtu akitoe kwenda nje. Kwa hiyo SW>EN kwenye wasifu si pambo la kujazia mstari.

Kwa wanaofanya kazi na wakimbizi au hospitali za Ulaya na Marekani, hasa kwa simu, kuna jambo la kuongeza: Kiswahili kipi. Orodha ya kimataifa ya lugha inatenganisha swh, Kiswahili cha pwani na sanifu, na swc, Kiswahili cha Kongo. Mama aliyetoka Kivu Kusini akihojiwa na daktari kupitia mkalimani wa Tanga, wanaweza kuelewana kwenye salamu na kupotezana kwenye dalili za ugonjwa, tarehe na tarakimu, ambazo wengi wa Kongo huzisema kwa Kifaransa. Kama unakielewa Kiswahili cha Kongo bila kukisema, andika hivyo hivyo. Vivyo hivyo kwa Kibajuni. Mtu asijiandikie Kibajuni kwa sababu tu alikulia Mombasa.

Sasa fani. "Tiba" haimwambii mtu chochote, maana ndani yake wamo anayefasiri kijikaratasi cha dawa na anayekaa wodini kati ya mgonjwa na mpasuaji. Taja aina ya nyaraka au aina ya kikao. Mwenzetu, tulipofungua kompyuta yake, tulikuta sehemu kubwa ya kazi zake ni utafiti wa kitabibu: fomu za ridhaa za washiriki, hojaji na maelezo ya utafiti kwa wanajamii. Hili ni eneo lenye soko la kweli, kwa kuwa mshiriki hapaswi kuweka saini kwenye fomu asiyoielewa, na kamati za maadili hutaka kuiona fomu ya Kiswahili pia. Kwenye wasifu wa awali utaalamu huu wote ulifichwa ndani ya neno moja lililobanwa kati ya sheria na kilimo.

Nilimwomba pia atenganishe jambo ambalo wateja wa utafiti huliuliza. Fomu ikishafasiriwa EN>SW, mara nyingi hutafutwa mtu wa pili airudishe Kiingereza bila kuiona asili, kisha matini mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Hiyo ni tafsiri rejeshi, nayo ina tabia yake. Anayeirudisha anatakiwa aache ubaya uonekane, asiusafishe. Mfasiri mzuri anayependa kupamba anaharibu kipimo. Na aliyefasiri fomu hawezi kuirudisha fomu hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiandika kwamba unafanya tafsiri rejeshi, mratibu wa utafiti anaelewa kuwa anaweza kukuita kwa upande mmoja au mwingine, si pande zote mbili.

Sheria aliifuta. Alikuwa amefasiri mikataba ya ajira kadhaa tu, na "sheria" ingemfanya mtu ampigie kwa ajili ya mwenendo wa kesi. Fedha, haki za binadamu na mazingira pia zikaondoka. Alisikitika kidogo kuona orodha inafupika, lakini mimi mpangaji nikiona fani 6 nasoma kuwa hakuna hata moja.

"Aina zote za ukalimani" nayo ilibidi ipasuliwe. Ukalimani sawia, ule wa kibandani, hufanywa na watu 2 kwa kila kibanda, wakipokezana kila baada ya dakika 30 hivi. Ukalimani fuatizi ni wa kusimama na daftari, msemaji anamaliza sehemu ndipo unasema wewe. Kunong'ona ni kwa msikilizaji 1 au 2 walioketi mbele yako, bila vifaa. Kisha kuna simu na video, ambako anayekuajiri atataka kujua kama una intaneti ya waya na vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti kizuri. Hizi ni stadi tofauti. Wapo mahiri wa kibandani ambao daftari la fuatizi huwaacha mikono mitupu. Mwenzetu alikuwa na sawia na fuatizi. Mahakamani hajawahi kuingia, na hilo nalo likaondoka.

Uzoefu uhesabiwe kwa siku za kazi, si kwa miaka. Miaka 12 ya kuitwa mara mbili kwa mwaka si sawa na miaka 3 ya kuitwa kila wiki. AIIC yenyewe huwapima waombaji kwa siku, angalau 150 za mikutano. Na vyeti viandikwe na aliyevitoa na mwelekeo wake. Cheti cha chama cha wafasiri wa Marekani, ATA, hutolewa kwa mwelekeo mmoja. Anayeitwa mfasiri aliyeapishwa Ujerumani ameapa mbele ya mahakama ya huko, kwa hiyo usijibandike jina hilo kwa sababu tafsiri yako iliwahi kugongwa muhuri. Wateja wasitajwe kama ulisaini mkataba wa usiri. "Kikao cha mawaziri wa kilimo wa kanda" inatosha.

Wasifu wake ukaishia hivi:

"Mkalimani wa mikutano: Kiswahili A, Kiingereza B, Kifaransa C. EN>SW, FR>SW, SW>EN. Sawia na fuatizi. Kilimo: huduma za ugani, vikao vya kanda. Mfasiri: EN>SW, FR>SW, SW>EN kwa sharti la kuhaririwa na mwenye Kiingereza A. Utafiti wa kitabibu: fomu za ridhaa, hojaji, maelezo kwa jamii, tafsiri rejeshi. Kiswahili sanifu, naelewa Kiswahili cha Kongo, sikisemi. Makazi: Arusha."

Mahali unapoishi si jambo dogo, kwa sababu ndipo nauli na posho vinapoanzia kuhesabiwa. Chini kabisa aliongeza mwezi na mwaka wa kuuandika upya, maana lugha C isiyoguswa kwa miaka miwili huteremka bila kuaga, na mpangaji makini atataka kujua Kifaransa hicho ni cha lini.